Meno ya plaiwudi yanagoma kuingia hadi mwisho: kosa ni unene wa ubao, biti au mashine?

#1 Randa_Mpya
Wakuu habari. Nina mashine ndogo ya CNC, miezi michache tu, nilizoea kukata herufi na vibao vya milangoni. Safari hii nimejaribu kasha la plaiwudi lenye kuta nne zinazoshikana pembeni kwa meno. Kimo cha kila kona ni milimita 360, nikagawa vipande 9 vya 40, hivyo ubao mmoja una meno 5 na mwenzake 4. Plaiwudi ni ile ya 18, biti ni ya milimita 6 iliyonyooka. Meno nimechora 39.9 na mapengo 40.1 ili gundi ipate pa kukaa. Kina cha pengo nimeweka 18.

Sasa meno yanaingia vizuri tu, ila yakikaribia mwisho yanagoma. Unabaki mwanya wa milimita 2 na ushee, kona zote nne, ukiinua kasha kwenye mwanga unaona upande wa pili. Nimegonga na nyundo hadi nikaogopa. Kosa liko wapi? Na nimesikia mkia wa njiwa ni imara kuliko meno ya kawaida, nihamie huko moja kwa moja?

#2 Kasi_Kasi
Mkuu, plaiwudi inadanganya. Ikiandikwa 18, ukipima hupati 18. Wewe umechora 18, ubao una unene mwingine, lazima uone mwanya. Pima kwa kalipa, chora upya kwa unene halisi, kazi kwisha. Nimekutana nayo mara nyingi.

#3 MzeePatasi
Mwanangu, umenunua mashine ukauza patasi? Angalia chini ya pengo, kwenye kona. Utakuta pako mviringo kama sehemu ya ndani ya kikombe. Jino la mraba haliwezi kukaa kwenye kikombe. Chukua patasi, pembua hizo kona, meno yatakaa.

#4 Nusu_Mili
Mzee shikamoo. Mzee amemaliza kwa sentensi tano.

Randa, biti ni duara. Inapokata kona ya nje, yaani ncha ya jino, inazunguka kwa nje na ncha inatoka kali. Inapokata kona ya ndani, yaani chini ya pengo, haiwezi kufika hadi pembeni kabisa, inaacha nyama yenye mviringo wa nusu kipenyo chake. Biti ya 6 inaacha mviringo wa 3. Jino la ubao wa pili linakuja na ukingo mkali, linagota kwenye hiyo nyama kabla halijafika chini.

Kuhusu #2: unene ukikosewa huo mwanya hautokei. Kina cha pengo kikizidi unene wa ubao, kinachotokea ni ncha za meno kuchomoza nje kidogo, basi. Kwa hiyo Randa naomba vipimo viwili kabla hatujaendelea. Unene halisi wa ubao ni ngapi? Na kwa sasa, kasha likiwa limegoma hivyo hivyo, ncha za meno zimechomoza au zimezama, kwa kiasi gani?

#5 Randa_Mpya
Mzee wangu shikamoo, Nusu_Mili asante. Nimepima. Unene ni 17.6 sehemu nyingi. Ncha za meno zimezama, kama 1.8 hivi. Na nimechomoa ubao mmoja nikakagua, kwenye kingo za meno upande wa ndani pana alama za kugandamizwa, kila jino pande zote mbili, karibu na shina la jino hakuna kitu.

#6 Kasi_Kasi
17.6! Nilisema.

#7 Nusu_Mili
Ulisema unene si 18, hilo ni kweli na inabidi arekebishe. Ila tuhesabu. Ubao wa 17.6 umesimama mbali na chini ya pengo kwa mwanya wa 2.2, ukijumlisha ni 19.8. Jino lina urefu wa 18. Tofauti ni 1.8, ndiyo hiyo aliyopima. Mwanya ungekuwa sifuri, ncha zingechomoza 0.4, hapo ndipo kosa la unene lingeonekana. Ni makosa mawili tofauti, moja linafunika lingine.

Sasa mtu atauliza, kama mviringo ni wa 3 mbona mwanya ni 2.2 na si 3? Kwa sababu ameacha nafasi ya 0.1 kila upande wa jino. Ile nyama inapoanza ni nyembamba sana, imelala ukutani kama ukucha. Nafasi ya 0.1 inatosha jino kulipita hilo ukucha kwa karibu 0.8 kabla halijagota. 3 toa 0.8, baki 2.2. Ukiongeza nafasi hadi 0.2 kila upande, mwanya unapungua hadi 1.9 tu, na kasha linaanza kucheza kama meno ya mtoto wa darasa la kwanza. Kwa hiyo kulegeza si dawa.

#8 Tototundu
Wadau mimi pia nina shida ya mkia wa njiwa. Nataka meza ndefu kuliko shiti, shiti ni 2440 na mimi nataka meza ya 3000. Nikikata mikia ya njiwa kwenye vipande viwili vishikane kama fumbo la picha, kona nazo nizitoboe?

#9 BintiSeremala
@Tototundu hapo mada ni nyingine kidogo, mwenzio anaunga kona ya kasha, wewe unaunga mbao mbili zilizolala pamoja. Kwako ni rahisi zaidi. Usitoboe kitu. Kila kona ya mkia, ya nje na ya ndani, iviringishe kwenye mchoro kwa kipimo kimoja kinachozidi kidogo nusu kipenyo cha biti. Kwa biti ya 6 mimi naweka 3.2. Mstari unakuwa mmoja kwa vipande vyote viwili, mviringo unakaa ndani ya mviringo. Ila usitegemee hiyo meza ibebe mtu bila kibao cha kuungia kwa chini. Mikia inazuia vipande kuvutana mbali, kupinda haizuii sana.

Kwa Randa: mimi kona sizitoboi wala sizichongi. Naviringisha jino. Pengo lina kona ya mviringo wa 3, basi ukingo wa ndani wa jino la ubao mwenzake naupitisha biti ya kuviringisha yenye mviringo wa 3 au zaidi kidogo. Jino linakaa kwenye mviringo kama yai kwenye kishikizo chake. Kwa nje huoni tundu lolote, unaona meno yenye kona laini, wateja wanafikiri ni mtindo.

#10 Randa_Mpya
Dada hiyo imenivutia. Inakatwa kwenye mashine hiyo hiyo au kwa mkono?

#11 BintiSeremala
Mashine hiyo hiyo. Ubao unalazwa upande wa ndani ukiangalia juu. Biti ya kuviringisha inapita kwanza kwenye kingo za meno, inaanzia kwenye ncha ya jino hadi shina, haiendi mbali zaidi. Kisha unabadilisha biti, ile iliyonyooka inakata umbo lote. Utafute ile biti isiyo na bearing, kwa sababu ukingo wenyewe bado haujakatwa, bearing haina pa kutembelea.

Tahadhari ninayoijua kwa uchungu: mbao zote lazima zilale ndani juu. Mara ya kwanza niligeuza mchoro wa ukuta mmoja kichwani tu, sikuugeuza kwenye kompyuta. Nikatoka na kuta mbili za kushoto. Plaiwudi ya uso mzuri. Nilikaa chini.

#12 Kasi_Kasi
Kununua biti maalumu ya nini? Tumia ile ya V ya nyuzi 90, pitisha kwenye ukingo wa jino, kata pembe. Nyama inayobaki konani kwa biti ya 6 ni milimita 1.24, nimehesabu, ni 0.414 mara nusu kipenyo. Kwa hiyo kata ukingo kwa 1.3, jino linapita.

#13 Nusu_Mili
Wazo la V ni zuri, hesabu ni sahihi, kipimo hakitoshi. Hiyo 1.24 ni unene wa nyama katikati ya kona, ukipima kwa mshazari. Lakini nyama ina masikio mawili yanayotambaa ukutani hadi milimita 3 kila upande. Ukikata ukingo wa jino 1.3 kwa huo mshazari, katikati utapita ila masikio yatakugotesha. Kata 3 kamili kila upande wa ukingo, sawa na nusu kipenyo, hapo umeyaruka yote. Utabaki na kijishimo chembamba kati ya mshazari na mviringo, gundi itakijaza.

#14 Kasi_Kasi
Nimekuelewa kuhusu masikio. Nilisahau.

#15 MzeePatasi
Mnazungumzia masikio, nyama, ukucha. Hili ni jukwaa la useremala au bucha? Kasha lake lina kona ngapi za ndani? Hazifiki mia. Patasi kali, saa moja na nusu.

#16 Chembe
Nimehesabu Mzee, maana kazini leo hakuna kazi. Ubao wa meno 5 una mapengo 4, kona 8. Mwenzake wa meno 4 ana mapengo 3 ya katikati na nusu mbili za mwishoni, kona 8 pia. Kona 16 kwa kiungo kimoja, viungo vinne ni 64. Na kila kona ina unene wa 17.6 wa matabaka yaliyopishana, tabaka moja linakatika vizuri, linalofuata linang'oka.

#17 MzeePatasi
Linang'oka kwa patasi butu. Piga nusu kutoka upande huu, geuza, malizia upande ule. Lakini 64 ni nyingi kuliko nilivyodhani, sikatai.

#18 Randa_Mpya
Kabla sijanunua biti ya kuviringisha, hiyo ya kutoboa kona inafanywaje? Ndiyo ile naona wengi wanaiita mfupa wa mbwa? Programu yangu haina kitufe chake.

#19 Nusu_Mili
Ndiyo. Kazi yake ni kuipeleka biti hadi ukingo wake uguse kona halisi. Ipo ya mshazari na ipo ya pembeni.

Ya mshazari: biti ikifika konani inasogea kuelekea kona yenyewe kwa nyuzi 45, kisha inarudi. Tuseme kona iko kwenye sifuri na pengo linaelekea upande chanya. Katikati ya biti ya 6 kwa kawaida huishia 3 na 3. Unaisogeza hadi 2.121, ambayo ni 3 mara 0.707:

```
G1 X3.000 Y3.000
G1 X2.121 Y2.121
G1 X3.000 Y3.000
```

Ni mistari hiyo tu. Inakula kila ukuta kwa 0.88, kovu ni dogo.

Ya pembeni: biti inafuata ukuta mmoja moja kwa moja hadi katikati yake ifike kwenye mstari wa ukuta wa pili. Hapo inakula milimita 3 nzima kwenye ukuta mmoja, ule mwingine hauguswi. Faida ni kwamba unachagua kovu liende wapi. Ukilisukuma chini zaidi ya pengo, litaonekana ndani ya kasha, kitundu kila penye jino. Ukilisukuma ubavuni, kwenye shingo ya jino la ubao ule ule, kwa ndani linafunikwa na ubao mwenzake, kwa nje unaona kinusu mwezi kila upande wa jino. Gharama yake ni shingo. Jino lako la 40 linabaki na shingo ya 34, hakuna tatizo. Mtu mwenye meno ya 12 atabaki na shingo ya 6, hapo nisingethubutu.

#20 BintiSeremala
Ongezea mtego mmoja. Ukichora tundu la kona kwa mkono kwenye mchoro, usilipe mviringo wa 3 kamili kwa biti ya 6. Programu nyingi zitaliona halipitiki zitaliruka kimya kimya, unakuja kugundua kwenye ubao. Mpe 3.1.

#21 Kasi_Kasi
Au atumie biti ya 3 tu, mviringo unakuwa 1.5, anasahau mambo yote haya.

#22 Nusu_Mili
Hasahau, anapunguza. Kwa nafasi yake ile ile ya 0.1, mwanya unashuka kutoka 2.2 hadi karibu 1. Bado upo. Na biti ya 3 kuzama 17.6 ndani ya plaiwudi inataka ipite mara nyingi kwa kina kidogo kidogo, ukiharakisha inakatika.

#23 Chembe
Nathibitisha kukatika.

#24 Usiku_Karakanani
Mnamkwepa kijana. Aliuliza pia mkia wa njiwa. Mimi nakata mikia kwenye CNC. Ubao nausimamisha wima kwenye ukingo wa meza ya mashine, natumia biti ya mkia, mviringo wa kona hauna maana hapo. Imara mara mbili ya meno.

#25 BintiSeremala
Mara mbili umepima vipi?

#26 Usiku_Karakanani
Nimekalia.

#27 Nusu_Mili
😂 Kipimo kinachokubalika.

Kwa Randa, ubao ukiwa umelala, mkia wa njiwa ni kazi mbili zisizofanana. Ubao wenye mikia ni rahisi, mikia ni umbo tu kwenye uso, biti iliyonyooka inaukata kama meno. Ila kona za chini si nyuzi 90 tena. Mkia unapanuka kuelekea nje, kwa hiyo pengo linapanuka kuelekea chini na kona yake inabana, kwa mteremko wa nyuzi 8 inakuwa nyuzi 82. Nyama inayobaki inapanda kutoka 1.24 hadi 1.57. Kwa hiyo hesabu ya 0.707 uliyoipata juu haikufai hapo.

Ubao wa pili ndio mzigo. Kuta za meno yake zinalala kwenye unene wa ubao, biti iliyonyooka haikati ukuta uliolala. Njia ni kuushusha kwa ngazi. Uso wa nje juu, kila ngazi nusu milimita, kila ngazi ukuta unasogea 0.07. Inatoka vizuri, nimefanya. Ila kumbuka uso wa nje uko juu, na njia ya dada ya kuviringisha jino inataka uso wa ndani juu. Huwezi kupata vyote bila kugeuza ubao, na ukigeuza ubao unatafuta sifuri upya.

#28 Usiku_Karakanani
Kusimamisha wima hakuna haya yote.

#29 BintiSeremala
Kuna mengine. Kwenye plaiwudi biti ya mkia inatoka na tabaka la nje, hasa shinani mwa mkia ambapo ncha ya biti ni pana. Wewe hukuona?

#30 Usiku_Karakanani
Naona. Naweka kibao cha kuzibia nyuma, napitisha kisu kwanza kwenye mstari. Inapungua, haiishi. Na kwa ukuta mrefu unahitaji pa kuuning'iniza chini ya meza. Lakini mkia haufunguki hata gundi ikilegea, jino linafunguka.

#31 Nusu_Mili
Upande mmoja haufunguki, upande mwingine unachomoka kama ulivyoingia. Kwenye mbao nzima mkia una sababu, gundi haishiki vizuri kwenye kichwa cha nyuzi. Plaiwudi matabaka yamepishana, kila uso wa jino una karibu nusu ya nyuzi zilizolala, gundi inapata pa kushika. Kwa kasha la kawaida mimi sioni mkia unaniongezea nini zaidi ya sura.

#32 MzeePatasi
Sura nayo ni kazi, mwanangu.

#33 Randa_Mpya
Wakuu nimerudi. Nimechagua matundu ya ubavuni, kinusu mwezi nje sijali, litapakwa rangi. Kina nimebadilisha kuwa 17.6. Nimekata kuta nne upya. Kona mbili zimekaa hadi chini, mwanya hakuna, zinaingia kwa kusukuma na kiganja. Nilifurahi mpaka nikamwita jirani.

Kona mbili nyingine nazo zinafika chini ila zinacheza. Ukitikisa zinasikika. Zote mbili ni za ukuta mmoja. Mchoro ni ule ule.

#34 Kasi_Kasi
Biti imechakaa mkuu.

#35 Nusu_Mili
Biti iliyopungua inabana, hailegezi. Programu inaamini ni 6, biti kweli ni 5.9, basi kila ukuta unabaki na nyama ya 0.05 isiyokatwa. Jino linakuwa kubwa na pengo dogo, vyote viwili kwa pamoja. Randa angekuwa analia upande mwingine.

Huo ukuta mmoja una tofauti gani na wenzake?

#36 Randa_Mpya
Nilikuwa na kipande kilichobaki, ukuta wa nne nikaugeuza nyuzi 90 ili utoshe. Wenzake meno yalipangana kufuata X, huo yamepangana kufuata Y. Kipande kilikuwa chembamba, nilikibana kwa skrubu mbili tu.

#37 BintiSeremala
Skrubu mbili! Ubao umetetemeka huo. Biti ikipita jinoni ubao unasogea na kurudi, jino linaliwa pande zote.

#38 Nusu_Mili
Kabla hatujahukumu, pima jino moja, pengo moja, kisha toka mwanzo wa jino la kwanza hadi mwanzo wa jino la tano. Hicho cha mwisho kinatakiwa kiwe 320.

#39 Randa_Mpya
Jino 39.7. Pengo 40.3. Cha mwisho 320 kamili, nimepima mara mbili.

#40 Nusu_Mili
Basi mhimili wa Y unasoma umbali vizuri, hatua zake ziko sawa. Meno yako mahali pake, ila yamekonda 0.2. Ama ubao umetetemeka kama dada anavyosema, ama biti inayumba kwenye koleti. Ila kuyumba kungekonda kuta zote nne.

#41 Kasi_Kasi
Au mhimili wa Y una ulegevu, mkanda umelegea au nati ya skrubu imelika. Mashine ndogo hizo Y inabeba mzigo wote.

#42 Nusu_Mili
Nilifikiria hilo nikaliacha. Biti ikizunguka meno kwa nje, kufuata Y inakwenda upande mmoja tu tangu jino la kwanza hadi la mwisho. Hairudi nyuma, na ulegevu unaonekana pale tu mhimili unaporudi nyuma.

#43 Kasi_Kasi
Ingekuwa meno ya kawaida ningekubali. Lakini wewe mwenyewe umempa matundu ya ubavuni. Biti ikifika kona ya pili ya pengo inaingia ubavuni, kisha inarudi nyuma milimita 3 kabla ya kupanda ukuta. Inarudi nyuma kwa Y! Ikiwa na ulegevu wa 0.2 hairudi yote, inapanda ukuta ikiwa bado imemezwa ndani ya jino kwa 0.2. Jino linakonda upande mmoja.

#44 Nusu_Mili
...

Sina jibu la haraka. Hiyo ina mantiki, na inatoa 0.2 kamili.

#45 Chembe
Kasi_Kasi kapata. Andikeni tarehe.

#46 BintiSeremala
Mimi bado niko kwenye skrubu mbili. Kipande chembamba, kimeshikwa ncha mbili, katikati kinaning'inia. Kila mtu hapa ameshaona ubao ukiimba. Randa, uliusikia ukiimba?

#47 Randa_Mpya
Uliimba, dada. Ila mashine yangu inaimba siku zote.

#48 Nusu_Mili
Njia ya kutofautisha ipo. Kama ni ulegevu, kila jino limekonda ubavu mmoja tu na ubavu ule ule kwa meno yote. Kama ni mtetemo, pande zote mbili, na katikati ya ubao itakuwa mbaya kuliko mwishoni karibu na skrubu. Weka huo ukuta juu ya mwenzake mzima, linganisha ncha moja kwa skwea, angalia kingo za meno kwa mwanga wa pembeni. 0.2 inaonekana, inaweka kivuli.

#49 Usiku_Karakanani
Wakati anapima, mtu yeyote anajua namna nzuri ya kuzuia biti ya mkia isinyofoe tabaka la nje bila kibao cha nyuma? Meza yangu imeanza kuonekana kama imetafunwa.

#50 MzeePatasi
Msumeno wa mkono.

#51 Randa_Mpya
Nimeziweka juu ya meza. Kivuli kipo ubavu mmoja kwa meno matatu ya mwanzo. Mawili ya mwisho kipo pande zote mbili. Wakuu, sasa hiyo ni nini?